Barua Imeandikwa, Fedha Bado Ziko Mfukoni

Mstari wa 14 wa jedwali langu ulikuwa wa kijani. Kijani maana yake hoja imetekelezwa, na pembeni mweka hazina alikuwa ameandika: “Wakusanyaji wote wa mapato wameandikiwa barua ya kuwataka wapeleke fedha benki ndani ya saa 24. Nakala imeambatishwa.” Nakala ilikuwepo kweli, ina muhuri, ina sahihi, ina namba ya kumbukumbu. Kilichokosekana ni fedha.

Hiyo ilikuwa halmashauri moja ya Tanzania ambayo sitaitaja, miaka ile nilipokuwa mkaguzi wa ndani. Hoja yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mkusanyaji wa ushuru huenda gulioni na mashine ya POS. Mama wa nyanya analipa ushuru, mashine inatoa risiti, na papo hapo mfumo makao makuu unasoma kwamba fulani amekusanya kiasi fulani. Lakini noti zenyewe bado ziko kwenye mkoba wa mkusanyaji. Zitaingia benki akienda kuzipeleka. Kati ya risiti na benki kuna pengo, na mkusanyaji mwenye shida hujifunza upesi kuishi ndani yake: makusanyo ya Jumatatu anayakopa, ya Alhamisi anayatumia kuziba ya Jumatatu, na ya gulio lijalo yanaziba ya Alhamisi. Akihamishwa au akiugua, mnyororo unakatika na deni lote linaonekana kwa mara moja.

Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimependekeza mambo mawili. La kwanza, ofisi ya mweka hazina ilinganishe kila wiki makusanyo ya kila mashine na fedha zilizoingia benki. La pili, mashine ya mtu aliyepitisha saa 24 bila kupeleka fedha ifungwe hadi alipe. Menejimenti ilikubali yote mawili na kuweka tarehe ya mwisho, Machi 31. Nilichopewa Julai ni barua.

Yeyote aliyewahi kusoma majibu ya hoja za ukaguzi serikalini anaijua lugha hii. “Ushauri wa mkaguzi umezingatiwa.” “Mkuu wa idara ameelekezwa.” “Menejimenti inaendelea kulifanyia kazi.” Si uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mkuu wa idara kweli ameelekezwa. Ila hoja haikusema kwamba hakuna maelekezo. Ilisema fedha hazifiki benki. Mtu anayefuatilia mapendekezo ya zamani anaanza kazi kwa kusoma upya kasoro ilivyoandikwa siku ya kwanza, kabla hajasoma majibu, kwa sababu majibu yana tabia ya kujibu swali jepesi zaidi kuliko lililoulizwa.

Kwa hiyo nilichukua wakusanyaji watatu na siku 20 za kazi kwa kila mmoja. Hizo ni siku 60, kazi ya mchana mmoja ukiwa na ripoti ya mfumo mkono huu na taarifa ya benki mkono ule. Siku 41 fedha ziliingia kwa wakati. Siku 13 zilichelewa. Siku 6 hazikuingia kabisa, na zote zilikuwa za mtu mmoja. Jumatatu moja alikusanya shilingi 386,000. Jumanne akapeleka benki shilingi 150,000. Siku nane baadaye zikaingia 236,000, siku ambayo makusanyo yake mapya hayakuonekana popote. Ukiona tarakimu mbili zinazojumlika kuwa sawasawa na deni la wiki iliyopita, umeshauona ule mnyororo kwa macho yako. Na barua? Ilikuwa kwenye faili lake, ameisaini kwamba ameipokea.

Nilimpelekea mweka hazina karatasi zangu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye heshima zake, na hakukasirika. “Mkaguzi, mwanangu,” alisema, “mimi nilidhani tumemaliza.”

Hapo kuna tofauti ambayo wakaguzi huizungumza kila siku bila wengine kuielewa. Hatua inaweza kuwepo, na hatua inaweza kufanya kazi. Barua, mwongozo mpya, kifungo kipya kwenye mfumo: hivyo vyote vinathibitisha kwamba hatua ipo. Kwamba inafanya kazi, hilo linathibitishwa na siku zilizopita tangu ianze, zikiangaliwa moja moja. Ndiyo maana sikuwa nafunga hoja ya udhibiti wa kila siku siku ile ile ilipoanza kutekelezwa. Ulinganisho wa kila wiki unahitaji angalau wiki nne au sita nyuma yake ndipo nione kama wiki ya tatu, baada ya ari ya mwanzo kupoa, bado ulifanyika. Hoja ya kununua kasiki, kwa upande mwingine, unaifunga ukiliona kasiki na kujua nani ana ufunguo.

Mstari wa 14 ukarudi kuwa mwekundu, nao ukaingia kwenye kundi la hatua zilizopitiliza muda. Kundi hilo lilikuwa kubwa, na swali likawa tuanze na ipi.

Jedwali letu, kama majedwali mengi, lilikuwa limepangwa kwa umri. Juu kabisa ilikaa hoja ya daftari la mali lisilohuishwa, iliyopitiliza kwa zaidi ya miaka mitatu. Kila kikao cha kamati ya ukaguzi kilianzia hapo, kikateketeza nusu saa hapo, na wajumbe wakachoka hapo. Chini kabisa, imepitiliza siku 20 tu, ilikaa hoja ya mhasibu aliyehamishiwa wilaya nyingine huku jina lake na nywila yake vikiendelea kuruhusu malipo kwenye mfumo. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuona kikao kikifika mstari wa mwisho kabla ya chai.

Umri wa hoja unakwambia jinsi menejimenti ilivyo nzito. Haukwambii kitakachoharibika kesho. Hivyo viwili havifanani, na ofisi inayovichanganya inaweza kutumia mwaka mzima kuhesabu viti wakati mlango wa hazina umeachwa wazi.

Njia ya kupanga kwa hatari si ngumu. Unajiuliza mawili: hatua hii ikiendelea kukosekana, kuna uwezekano gani jambo baya litokee kabla hatujakutana tena, na likitokea, athari yake ni kubwa kiasi gani. Kila swali unalipa alama kuanzia 1 hadi 5, kisha unazidisha. Nywila ya mhasibu aliyeondoka: uwezekano niliupa 3, kwa sababu hakukuwa na dalili kwamba mtu ameitumia, lakini athari niliipa 5, kwa kuwa aliyeishika angeweza kuidhinisha malipo halisi. Jumla 15. Mstari wa 14: uwezekano 5, maana halikuwa tena jambo la kuweza kutokea, lilikuwa linatokea, athari 4. Jumla 20. Daftari la mali: uwezekano 3, athari 2, jumla 6.

Neno la kushikilia katika maswali yale ni “ikiendelea kukosekana”. Alama inayotakiwa ni ya leo. Karibu kila jedwali nililowahi kuliona linabeba alama ambayo hoja ilipewa siku ripoti ilipotoka, kana kwamba hatari imegandishwa kwenye barafu. Wakati huo huo ofisi inabadilika. Robo iliyofuata halmashauri ile iliamua kuuza kwa mnada pikipiki na magari chakavu. Mara moja lile daftari la mali, mzee wetu wa alama 6, likapanda: unauzaje kitu ambacho hujui unacho vingapi, na nani atajua kama pikipiki mbili nzima zimetoka na zile mbovu? Nililipa 4 kwa 4, likawa 16. Hoja nyingine ya vitabu vya stakabadhi vya mkono ilishuka hadi kufutika, kwa sababu vitabu vyenyewe viliondolewa mashine zilipoenea kata zote. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zina kapu la hoja za namna hiyo, “imepitwa na wakati”, sambamba na zilizotekelezwa, zinazoendelea kutekelezwa na ambazo hazijatekelezwa. Ni kapu halali, ingawa linahitaji mlinzi. Nimeona watu wakijaribu kulitumbukizia hoja ambayo imepitwa na uvumilivu wao tu.

Udhibiti wa muda nao unashusha alama. Afisa TEHAMA alipoibadilisha nywila ya yule mhasibu asubuhi hiyo hiyo nilipomwonyesha, huku utaratibu kamili wa kuondoa watumiaji wanaohama ukiwa bado haujaandikwa, hoja haikufungwa. Lakini uwezekano ulishuka kutoka 3 hadi 1, na ilikuwa haki kuionyesha hivyo. Menejimenti ikiona kwamba hatua ya nusu inahesabiwa kwa haki, huacha kudai kwamba nusu ni nzima.

Nikiri pia kwamba kuzidisha namba hizi ni hesabu ya kienyeji. Jambo la 5 kwa 1 na jambo la 1 kwa 5 yote yanatoa 5, lakini kalamu zinazopotea kila wiki si sawa na ghala la dawa linaloweza kuungua mara moja tu. Sisi tulijiwekea kanuni kwamba chochote chenye athari ya 5 hakishuki chini ya daraja la kati, hata uwezekano uwe mdogo namna gani. Kanuni hiyo haitoki kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwenye mabishano marefu kuhusu ghala.

Kama mifano ya gulio inaonekana midogo, upo mkubwa, na nyaraka zake ziko hadharani. Msomaji aliyewahi kuishi Marekani anaijua Equifax: ni moja ya kampuni tatu kubwa zinazotunza historia ya mikopo ya watu, na bila faili lako kule ni vigumu kukopeshwa nyumba au gari. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilifanya ukaguzi wa ndani wa jinsi inavyoziba matundu ya programu zake za kompyuta. Wakaguzi walikuta matundu zaidi ya 8,500 yanayojulikana ambayo muda wa kuyaziba ulishapita. Walikuta kampuni haina orodha kamili ya mitambo yake, kwa hiyo haikujua nini kinatakiwa kuzibwa wapi. Sera ilisema tundu la hatari ya juu kabisa lizibwe ndani ya saa 48, lakini hakukuwa na namna ya kuhakikisha. Waliotakiwa kuziba waliaminiwa tu kwamba wamefanya.

Menejimenti ilipokea matokeo. Kilichofuata, kwa mujibu wa ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani iliyotoka Machi 2019, ndicho kinachotuhusu: ukaguzi wa ufuatiliaji haukufanyika, na baadhi ya kasoro zilikuwa bado hazijarekebishwa mkosi ulipowafika.

Machi 7, 2017 lilitangazwa tundu baya katika Apache Struts, programu inayoendesha tovuti nyingi duniani. Siku mbili baadaye Equifax ilisambaza barua pepe ya ndani ikitaka lizibwe ndani ya saa 48. Barua ilikwenda kwa mamia ya watu. Mtaalamu aliyejua kwamba tovuti yao ya kupokea malalamiko ya wateja inatumia programu hiyo hakuwemo kwenye orodha ya waliotumiwa. Bosi wake alikuwemo, lakini hakumpelekea. Walipotafuta tundu kwenye mitambo yao hawakuliona. Mei 13 wavamizi waliingia kupitia tovuti ile ile ya malalamiko, wakakaa ndani siku 76. Hawakuonekana kwa sababu cheti cha usalama cha kifaa kilichopaswa kuchungulia mawasiliano kilikuwa kimekwisha muda kwa miezi 19. Julai 29 walipoweka cheti kipya, waliona mara moja kuna jambo. Mwezi Septemba umma ulipotangaziwa, taarifa za Wamarekani takriban milioni 147 zilikuwa zimeshachukuliwa, na mwaka 2019 kampuni ikakubali suluhu iliyoweza kufikia dola milioni 700.

Iangalie ile barua pepe kwa jicho la mstari wa 14. Imeandikwa, imetumwa, ina muda wa saa 48. Kwenye jedwali lolote ingepakwa kijani. Na ilishindikana kwa sababu ile ile iliyoandikwa na wakaguzi mwaka 2015: kukosekana kwa orodha ya mitambo. Hoja ya orodha ni ya kuchosha, inafanana na daftari letu la mali, ni ile ambayo kikao huipa alama ndogo na kuisogeza mbele. Wakati wa kuipa alama mpya haukuwa baada ya wizi. Ulikuwa Machi 7, siku mazingira yalipobadilika, kama mnada ulivyolipandisha daftari letu.

Kuna mbinu nyingine ya kufanya nyekundu iwe kijani, nayo ni ya kalenda. Tarehe ya mwisho inakaribia, idara inaomba kusogezewa, inasogezewa, na hoja haihesabiki tena kuwa imepitiliza. Inaweza kufanyika mara tano bila mtu kusema uongo hata mara moja. Dawa yake ni safu mbili ndogo kwenye jedwali: tarehe ya awali, isiyoguswa na mtu, na idadi ya mara ilizosogezwa. Siku niliyoongeza safu hizo, hoja sita “zilizo ndani ya muda” ziligeuka kuwa na umri wa wastani wa miezi kumi na moja. Mweka hazina aliniita akaniuliza, kwa upole, kama nilikuwa na ugomvi na mtu.

Kusogeza tarehe si kosa. Mfumo unaosubiri fedha za bajeti ijayo hauwezi kununuliwa kwa kelele za mkaguzi. Ila anayeomba muda aeleze hatari itaangaliwaje katika muda huo, na hatari ikiwa ya juu, ruhusa itoke kwa mkurugenzi mwenyewe, si kwa mkuu wa idara anayejiombea.

Wakati mwingine menejimenti husema wazi: hatutafanya. Gharama ni kubwa kuliko hasara tunayoiogopa, tunaibeba hatari hii. Hilo nalo linakubalika, na mara nyingine wako sahihi. Niliwahi kupendekeza kamera kwenye kizuizi cha mazao ambacho mapato yake ya mwaka yasingezilipia. Sharti ni kwamba uamuzi uandikwe na usainiwe na mwenye mamlaka ya kubeba mzigo wa ukubwa huo. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyoanza kutumika Januari 9, 2025, vinamtaka mkaguzi mkuu anayeona uongozi umebeba hatari isiyobebeka aanze kuzungumza na uongozi wenyewe, na wasipoelewana alifikishe kwa bodi. Havimpi mamlaka ya kuiondoa hatari. Mkaguzi akianza kutekeleza mapendekezo yake mwenyewe, mwakani atakuwa anakagua kazi ya mikono yake.

Robo iliyofuata nilipeleka kwenye kamati karatasi mbili badala ya kitabu. Ya kwanza ilikuwa na hoja tano tu, zilizopangwa kwa alama za siku hiyo, kila moja na alama yake ya zamani pembeni, tarehe ya awali, mara ilizosogezwa, na cheo cha mtu mmoja anayehusika. Cheo cha mtu, si “Idara ya Fedha”, maana idara haiitwi kikaoni ikajieleza. Ya pili ilikuwa na zilizobaki. Mstari wa 14 ulikuwa wa kwanza.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” mweka hazina alisema, “hili nalibeba mimi.” Akaomba wiki mbili. Mwenyekiti akampa, akaniagiza nirudi na siku 60 nyingine baada ya hapo.

Wiki ya tatu, siku moja baada ya gulio, kijana mmoja mkusanyaji aliingia ofisini kwa mweka hazina ameshika mashine mkononi. Alikuwa na jasho na hasira. Mashine imejifunga tangu asubuhi, alisema, wenye mazao wamejipanga barabarani, yeye hawezi kutoa risiti, na ilhali amebakiza shilingi 40,000 tu hajazipeleka benki. Mama alimwonyesha kiti, akamwambia benki iko wazi hadi jioni.

Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine. Nilitoa daftari nikaandika tarehe, saa, namba ya mashine na kiasi. Siku ya kwanza kati ya 60.